Kukata bima ya dhima ya kitaaluma kwa ajili ya leseni: mwongozo kwa mshauri wa kujitegemea

Bodi inayokusajili ikisema hupati leseni bila bima ya dhima ya kitaaluma, yaani bima inayolipa mteja akikudai kwa uzembe katika kazi yako, kwa kawaida inachotaka kuona ni karatasi moja: cheti chenye jina lako, kikomo cha fidia na tarehe ya mwisho. Karani anakagua hivyo vitatu, leseni inatoka. Mteja akikudai miaka kadhaa baadaye, ofisa wa madai wa kampuni ya bima hatahangaika na cheti. Atafungua mkataba wenyewe atafute tarehe moja ambayo mara nyingi kwenye cheti haimo kabisa. Watu wana leseni safi kabisa huku kazi zao za nyuma zote zikiwa hazina kinga, na hawajui.

Naandika nikimfikiria mtu anayefanya kazi peke yake, awe mhandisi, mbunifu wa majengo, mhasibu au mshauri wa mazingira. Ofisi kubwa ina mtu wa kuisomea mikataba. Wewe huna, kwa hiyo kazi hiyo ni yako.

Kwanza, elewa bima hii inavyohesabu muda

Ukigonga mtu kwa gari leo, bima inayohusika ni ile iliyokuwa hai leo, hata kama aliyegongwa atakuja kudai mwakani. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida haiendi hivyo. Yenyewe huuliza dai limekufikia lini. Mkataba unaojibu ni ule ulio hai siku dai linapoletwa kwako nawe ukalitolea taarifa, hata kama kazi yenyewe uliifanya miaka mitano iliyopita ukiwa na kampuni nyingine ya bima.

Hapo yanatoka mambo mawili. La kwanza, bima ya mwaka uliokwisha imekwisha kweli. Huwezi kuirudia kwa dai lililokuja leo, ingawa mwaka ule ulilipa ada yote. La pili, kampuni inayokupokea leo inajikuta imebeba kazi zako zote za zamani, nayo haipendi kuzibeba bila mpaka. Ndiyo maana inaweka tarehe ya kurudi nyuma. Kazi iliyofanyika kabla ya tarehe hiyo haimo, hata dai likija wakati bima iko hai.

Hatua ya 1: Soma sharti la leseni lenyewe, si fomu ya maombi tu

Fomu ya kuomba leseni husema tu "ambatisha cheti cha bima". Sharti kamili liko kwenye kanuni au mwongozo wa bodi, na huko ndiko unakokuta mambo ambayo dalali wa bima anapaswa kuyajua kabla hajakuletea bei. Nakili maneno yenyewe jinsi yalivyoandikwa: kikomo cha chini ni kiasi gani, ni kwa kila dai au kwa mwaka mzima, gharama za mawakili zimo ndani ya kikomo au ziko nje, bima ifunike kazi za tangu lini, na ukiacha kazi, unatakiwa kuendelea kuwa na kinga kwa muda gani. Kama kanuni iko kimya kuhusu mojawapo, andika "kimya". Ni jibu pia, maana linakuambia kwamba hapo bodi haikulindi, utajilinda mwenyewe.

Linganisha pia miaka miwili isiyofanana. Leseni ina mwaka wake, bima ina wake. Leseni ikianza Januari na bima ikaisha Juni, utaonyesha cheti halali Januari, kisha katikati ya mwaka utalazimika kuihuisha bima bila mtu wa kukukumbusha. Baadhi ya bodi zinataka bima idumu muda wote wa leseni, na pengo la siku chache linatosha kuzua maswali. Rahisi zaidi ni kumwomba dalali mkataba wa kwanza uwe mfupi au mrefu kidogo, ili tarehe hizo mbili zikutane.

Hatua ya 2: Jina la kwenye leseni na jina la kwenye bima

Hatua hii ni ya dakika tano, ila imewachelewesha wengi. Leseni iko kwa jina lako binafsi, na mikataba na wateja unaitia saini kwa jina la kampuni yako. Bima ikiandikwa jina moja tu kati ya hayo, mteja anaweza kumshtaki yule mwingine. Omba yote mawili yaandikwe kama wenye bima: wewe kwa jina lililo kwenye daftari la bodi, na kampuni kwa jina lake la usajili. Kama uliwahi kutumia jina la biashara ulilokwisha kuliacha, nalo litajwe, maana madai ya zamani yatakuja kwa jina la zamani.

Hatua ya 3: Jaza fomu ya maombi ya bima kama mtu atakayehojiwa juu yake

Bima inasimama juu ya uaminifu wa anayeiomba. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, inaweza kukataa dai, na pengine kuuvunja mkataba wote. Sehemu mbili za fomu ndizo zinazoleta matatizo mengi.

Ya kwanza ni maelezo ya shughuli zako. Mkataba hufunika shughuli zilizotajwa, si taaluma yako kwa ujumla. Ukiandika "ushauri wa uhandisi" na nusu ya kipato chako inatokana na kusimamia ujenzi, umejipunja. Fungua ankara zako za miaka mitatu iliyopita, uone umelipwa kwa kazi gani hasa, kisha taja kila moja pamoja na sehemu yake ya kipato. Ile kazi ndogo uliyoifanya mara moja kwa kumsaidia mteja wa siku nyingi nayo itaje. Aghalabu kazi ya namna hiyo ndiyo iliyo nje ya uzoefu wako, na ndiyo yenye kosa.

Ya pili ni swali linalokuja kwa sura hii: *Je, unafahamu jambo lolote linaloweza kuzaa dai dhidi yako?* Watu huandika "Hapana" haraka kwa sababu hakuna aliyewapeleka mahakamani. Lakini swali halijauliza kama umeshitakiwa. Barua pepe ya mteja inayosema hesabu zako zimemtia hasara, malipo yaliyozuiwa kwa sababu ya ubora wa kazi, mkandarasi anayekuulizauliza juu ya mchoro uliokwisha kukabidhi, hayo yote ni mambo yanayoweza kuzaa dai. Yaripoti kwanza kwenye bima unayoimaliza kabla haijaisha, kisha yataje kwenye fomu ya bima mpya. Ukifuata mpangilio huo, bima ya zamani ndiyo inayoyabeba. Ukiyataja kwenye fomu mpya peke yake, kampuni mpya itayatoa nje ya kinga, na ya zamani itakuwa imekwisha kufunga mlango.

Hatua ya 4: Tarehe ya kurudi nyuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo leseni na kinga zinapoachana njia.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mhandisi wa miundo anajitegemea tangu mwaka 2019. Tangu Machi 1, 2019 amekuwa na bima kwa kampuni moja, na kila mwaka ameihuisha. Tarehe yake ya kurudi nyuma ni hiyo hiyo Machi 1, 2019, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa ameajiriwa. Mwaka 2021 anasanifu ukuta wa kuzuia udongo kwa mteja. Mwaka 2023 ada inapanda, naye anapata kampuni nyingine yenye ada ndogo kwa theluthi moja. Kikomo ni kilekile, cheti kinafanana, bodi inampa leseni bila swali.

Kwenye ukurasa wa pili wa mkataba mpya kuna jedwali la maelezo ya bima. Mstari mmoja unasema: *Tarehe ya kurudi nyuma: Machi 1, 2023*, yaani siku ileile bima hiyo ilipoanza. Hiyo theluthi aliyookoa ndiyo bei ya miaka minne ya kazi zake.

Agosti 2024 ukuta unaanza kuinama, na mteja anamwandikia kudai gharama za kuujenga upya. Bima ya kwanza haihusiki kwa kuwa dai limekuja baada ya kuisha kwake. Bima ya pili haihusiki kwa kuwa usanifu ulifanyika kabla ya tarehe ya kurudi nyuma. Muda wote huo hakukosa bima hata siku moja, na leseni yake ni halali. Dai atalibeba mwenyewe.

Alichopaswa kumwambia dalali mwaka 2023 ni sentensi moja, tena kwa maandishi: "Nataka tarehe ya kurudi nyuma ibaki Machi 1, 2019, na bei uliyonipa ithibitishwe kwa sharti hilo." Kampuni nyingi hukubali mtu akionyesha kuwa amekuwa na bima mfululizo, kwa hiyo ambatisha majedwali ya miaka yote ya nyuma. Bei ikipanda, sasa angalau unalinganisha vitu viwili vinavyofanana. Kampuni nyingine huandika neno "hakuna" au "bila kikomo" kwenye mstari huo, maana yake kazi zako zote za nyuma zimo, na hilo ndilo bora kuliko yote. Lakini mstari ukiachwa mtupu usijipe moyo. Uliza mtupu unamaanisha nini, upate jibu kwa maandishi.

Wewe unayekata bima kwa mara ya kwanza, baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi bila kinga kwa sababu bodi haikuwa ikiitaka, utapewa karibu bila shaka tarehe ya leo. Kuna kampuni zinazouza kinga ya nyuma kwa ada ya ziada, mradi utie saini kwamba hujui tatizo lolote. Kama umewahi kufanya kazi moja kubwa ambayo athari zake zinaweza kujitokeza polepole, mimi ningelipa.

Hatua ya 5: Kikomo kinavyoliwa

Bodi imetaja kikomo cha chini, nawe ukachukua hichohicho kwa sababu ndicho cha bei nafuu. Si vibaya, ila angalia kinatumikaje. Turudi kwa mhandisi wetu, safari hii akiwa ameirekebisha tarehe yake. Kikomo chake ni milioni 50. Kiasi anachojibebea mwenyewe kwa kila dai ni milioni 2. Mteja anashinda milioni 45, na mawakili pamoja na mtaalamu wa udongo wamegharimu milioni 12.

Kama mkataba unasema gharama za utetezi ziko nje ya kikomo, na kile kiasi cha kujibebea hakizigusi, yeye anatoa milioni 2, kampuni inatoa 43 za fidia na kulipa 12 za mawakili juu yake. Kama gharama zimo ndani ya kikomo, jumla ni 57. Ukiondoa 2 zake zinabaki 55, na kampuni inaishia 50. Sasa anatoa 7 mfukoni, ingawa fidia yenyewe haikufika hata kwenye kikomo. Mawakili ndio waliokila.

Kisha angalia kama kikomo ni cha kila dai au cha mwaka mzima. Kikiwa cha mwaka, dai la Februari likila milioni 40, la Septemba linakuta 10. Bodi ikitaka kikomo cha "kila dai" na wewe ukapeleka cheti chenye kikomo cha mwaka, karani anaweza kukipitisha bila kuona, lakini siku ya ukaguzi utahesabiwa kuwa hukutimiza sharti.

Jambo jingine la kuangalia hapo hapo ni ahadi unazoweka kwenye mikataba na wateja. Bima hii hulipia uzembe, yaani kushindwa kufanya kazi kwa umakini unaotarajiwa kwa mtu wa taaluma yako. Ukitia saini kwamba unahakikisha matokeo fulani, au kwamba utalipa faini ya kuchelewa, umejiongezea mzigo ambao kwa kawaida mkataba wa bima unautoa nje. Ukiletewa kifungu kama hicho, omba kibadilishwe kiwe "kwa uangalifu na ustadi wa kawaida wa taaluma".

Hatua ya 6: Kupeleka cheti bodini

Kabla hujakipeleka, kisome ukiwa na ule ukurasa wa maneno ya kanuni uliyoyanakili katika hatua ya kwanza. Kila ulichokiandika kionekane kwenye cheti, au kwenye barua ya dalali inayoambatana nacho. Namba ya usajili wako iwe sahihi. Weka nakala ya mkataba mzima, pamoja na nyongeza zake, mahali pasipotegemea kompyuta moja tu.

Ukilipa ada kwa awamu, jua kwamba awamu moja ikikosekana kampuni inaweza kusitisha bima, na baadhi ya bodi zinaitaka kampuni iziarifu jambo hilo likitokea. Leseni inaweza kusimamishwa kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba benki ilikataa malipo.

Hatua ya 7: Siku harufu ya dai inapokufikia

Kwa kuwa bima inaangalia siku ya dai na siku ya taarifa, kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kukunyima kinga uliyokuwa nayo. Usisubiri barua ya wakili. Mara tu unapopata jambo linaloweza kuzaa dai, andika kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba. Mikataba mingi pia inaruhusu utoe taarifa ya hali tu, kabla dai halijaletwa. Ukifanya hivyo kwa maelezo ya kutosha, dai likija hata miaka miwili baadaye linahesabiwa la mwaka uliotoa taarifa. Barua yenyewe haihitaji ufundi:

*"Ninatoa taarifa ya hali inayoweza kuzaa dai chini ya mkataba wa bima namba ... Mteja: ... Kazi: usanifu wa ukuta wa kuzuia udongo, uliokabidhiwa Julai 2021. Agosti 6, 2024 mteja aliniandikia kwamba ukuta umeinama na kuna nyufa upande wa chini. Anasema chanzo ni usanifu. Hajataja kiasi. Nimeambatisha barua yake, mkataba wetu na michoro. Sijakiri kosa wala kuahidi malipo. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea taarifa hii."*

Taarifa isiyotaja nani, kazi gani, nini kimetokea na kwa nini inaweza kukugeukia hukataliwa kwa kuwa ni ya jumla mno. Barua inayosema "huenda baadhi ya miradi yangu ikawa na matatizo" haitakusaidia.

Wakati huohuo mteja anasubiri jibu. Hapa watu waungwana ndio wanaoumia, kwa kuwa hukimbilia kuomba radhi na kuahidi kurekebisha kwa gharama zao. Mkataba karibu kila mara unakataza kukiri kosa au kukubali malipo bila idhini ya kampuni, kwani ndiyo itakayolipa na inataka nafasi ya kujitetea. Mjibu hivi: umepokea barua yake, unalichukulia jambo hilo kwa uzito, na utamrudia baada ya kulipitia. Kama kuna hatari kwa maisha ya watu, hilo halisubiri idhini ya mtu yeyote. Mwambie mara moja eneo lifungwe, na kumtahadharisha hivyo si kukiri kosa.

Hatua ya 8: Ukiacha kazi, ukistaafu au ukiajiriwa

Siku unaporudisha leseni, bodi haikudai tena cheti cha kila mwaka. Madai ya kazi zako za nyuma hayajui kwamba umestaafu. Ukiacha kuihuisha bima, tangu siku hiyo huna mkataba ulio hai, na dai likija halina wa kulijibu.

Kinachotakiwa ni kinga ya baada ya kuacha kazi. Haifuniki kazi mpya hata moja, ila inapokea madai ya kazi zilizofanyika kabla hujaacha. Inaweza kununuliwa kwa mkupuo kwa miaka kadhaa, au kuhuishwa mwaka hadi mwaka kwa ada ambayo kwa kawaida hushuka kadiri muda unavyopita. Kwa urefu wake, angalia kwanza kanuni ya bodi, kisha muda ambao sheria inamruhusu mteja kufungua kesi. Chukua ulio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili. Kwenye majengo muda huo unaweza kuanza kuhesabiwa siku kasoro ilipogunduliwa badala ya siku ulipokabidhi kazi, kwa hiyo muulize mwanasheria swali hilo moja kabla hujalipia.

Anayeajiriwa ana jambo la ziada la kuuliza. Bima ya mwajiri mpya hufunika kazi unazozifanya kwake. Zile ulizofanya ukiwa peke yako hazimo, isipokuwa kampuni ya bima yake ikubali kuziingiza kwa nyongeza iliyoandikwa, ikitaja jina lako na tarehe yako ya kurudi nyuma. Omba kuiona nyongeza hiyo kabla hujaiacha bima yako mwenyewe iishe.